Sura ya Saba: Namba Zinazopotea Alfajiri

Kituo kidogo cha hali ya hewa kilichosimikwa kwenye kihamba kimoja cha Kibosho, juu ya mji wa Moshi, kilikuwa kikipoteza namba kila alfajiri. Mchana kilifanya kazi bila tatizo: joto na unyevunyevu viliingia kwenye kumbukumbu kila dakika tano. Kuanzia saa kumi usiku mistari ilianza kukatika, na kufikia saa kumi na mbili asubuhi hapakuwa na namba hata moja. Jua likishapanda na umande ukikauka kwenye migomba, kituo kilizinduka chenyewe. Mama mwenye kihamba ndiye aliyelitambua jambo hilo kabla ya fundi yeyote. "Mwanangu," alisema, "mashine yenu inaamka baada yangu."

Kwa mkulima wa kahawa, saa zile zilizopotea ndizo saa zenye maana kuliko zote. Chulebuni haishiki buni changa zilizokauka. Kimelea chake huhitaji maji juu ya tunda kwa saa kadhaa mfululizo ndipo kiote na kupenya, na kwenye miteremko ya kusini ya Kilimanjaro saa hizo huwa za usiku wa manane hadi asubuhi. Kituo kinachopima unyevunyevu mchana tu humwambia mkulima kile anachokiona mwenyewe kwa macho.

Vituo vya namna hii vimeenea Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni kwa sababu vifaa vyake vimekuwa rahisi. Mfano unaojulikana zaidi ni 3D-PAWS, mpango wa taasisi ya UCAR ya Marekani ambao sehemu zake za plastiki huchapwa kwa printa ya 3D. Umetumika Kenya na Zambia, na toleo lake la mwanzo liliunganisha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na sensa za bei nafuu. Nyingi ya sensa hizo huongea na kompyuta kupitia nyaya mbili tu, kwa utaratibu uitwao I2C, ambao kampuni ya Philips ya Uholanzi iliubuni mwaka 1982. Waya mmoja, SDA, hubeba data. Wa pili, SCL, hubeba saa, yaani mapigo yanayoeleza ni lini data isomwe. Sensa tatu, nne au kumi hutumia pamoja nyaya hizo hizo, kila moja ikiitwa kwa namba yake.

Philips waliubuni utaratibu huo kwa ajili ya chipu zilizokaa kwenye bodi moja ndani ya televisheni na redio, zikitenganishwa na sentimita chache. Sisi tumeuchukua tukaupandisha kwenye mlingoti, nje, kwenye ukungu. Hitilafu ya kwanza katika sura hii inatokana na umbali huo.

Kinachofanya nyaya mbili zitumiwe na wengi bila kuunguzana ni kwamba hakuna kifaa kinachoruhusiwa kuusukuma waya juu. Kila kifaa kinaweza kufanya mambo mawili tu: kuuvuta waya chini hadi karibu na volti 0, au kuuachia. Ukiachiwa, unapandishwa na rizista iliyofungwa kati yake na volti 3.3, ambayo tutaiita rizista ya kuvuta juu. Fikiria bwawa la umwagiliaji la Kichaga linalojazwa na mfereji mwembamba na kufunguliwa kwa mlango mpana. Ukifungua mlango, maji yanatoka yote mara moja. Ukiufunga, unangoja mfereji ulijaze taratibu. Ukubwa wa bwawa ni uwezo wa nyaya kuhifadhi chaji, unaopimwa kwa pikofaradi, na wembamba wa mfereji ni ukubwa wa rizista. Bwawa likiwa kubwa na mfereji mwembamba, zamu ya kufungua mlango hufika kabla bwawa halijajaa.

Kanuni ya I2C inaweka mipaka ya jambo hilo kwa namba. Kwa mwendo wa kawaida, mapigo 100,000 kwa sekunde, waya unatakiwa upande kutoka asilimia 30 hadi asilimia 70 ya volti katika muda usiozidi nanosekunde 1,000. Muda huo hupatikana hivi:

```
t = 0.8473 × R × C
```

Hapo R ni rizista zote za kuvuta juu zikihesabiwa pamoja, na C ni jumla ya uwezo wa nyaya na chipu zote, ambayo kanuni inataka isizidi pikofaradi 400.

Sasa turudi Kibosho. Kituo kile kilitumia bodi ya ESP32, isiyo na rizista za kuvuta juu za kutegemewa. Zilizomo ndani ya chipu yenyewe ni za makumi ya kilo-omu, dhaifu mno kwa kazi hii. Rizista za kweli zilikuwa kwenye bodi za sensa. Kulikuwa na bodi tatu zilizonunuliwa madukani, na kila moja ilikuja na jozi yake ya rizista za kilo-omu 10. Zikiungwa kwenye nyaya zile zile, rizista hizo hukaa sambamba, na jumla yake inashuka hadi kilo-omu 3.3. Waya uliopanda mlingotini ulikuwa wa mtandao wa kompyuta, mita 6, ambao una takriban pikofaradi 52 kwa kila mita. Hizo ni kama 310. Ongeza chipu na viunganishi, unapata takriban 350. Ukizidisha, muda wa kupanda unakuwa nanosekunde 990 hivi. Kituo kilikuwa kimesimama pembeni kabisa mwa mpaka tangu siku ya kwanza, na hakuna aliyejua, kwa sababu kilikuwa kinafanya kazi.

Halafu sensa ya mgandamizo wa hewa ikaharibika, fundi akaing'oa apate kuibadilisha. Tatizo la alfajiri lilianza siku hizo hizo. Kila aliyeitazama kumbukumbu alidhani sensa mbovu ndiyo iliyoharibu wenzake kabla ya kuondoka. Kumbe ilipoondoka, iliondoka na rizista zake. Kilo-omu 3.3 zikawa kilo-omu 5, na muda wa kupanda ukafika karibu nanosekunde 1,500. Kwa hiyo ukiona kituo kinaharibika baada ya kifaa kizima au kibovu kuondolewa, kabla hujafikiria jambo lingine, hesabu rizista zilizobaki.

Nanosekunde 1,500 ni kuvunja kanuni, ila si lazima zikwamishe mawasiliano mchana mkavu. Chipu nyingi huvumilia kuliko kanuni inavyodai. Usiku ndio uliomaliza uvumilivu huo. Kwenye kiunganishi cha mlingoti, umande uliingia kati ya skrubu zilizobeba SDA na GND. Maji yenye vumbi si kondakta mzuri, lakini pia si kihami. Chukua mvujo wa kilo-omu 20, kiasi ambacho filamu nyembamba ya maji machafu inaweza kukileta. Rizista ya kuvuta juu ya kilo-omu 5 ikishindana na mvujo huo, waya ulioachiwa haufiki tena volti 3.3, unaishia 2.64. Sensa huhesabu kwamba waya uko juu ukipita asilimia 70 ya volti 3.3, yaani 2.31. Nafasi iliyobaki ni theluthi moja ya volti, na waya unaikaribia ukijikokota, kwa kuwa kila unapokaribia kikomo chake ndivyo mwendo wake unavyopungua. Maji yakizidi kidogo, sensa inasoma sifuri mahali penye moja. Inaacha kujibu inapoitwa, na ESP32 inaandika kosa badala ya namba.

Kulithibitisha hilo uwanjani si vigumu, na kifaa cha kwanza ni mita ya kawaida ya fundi. Zima umeme kabisa, betri na paneli ya sola zikiwa zimechomolewa. Pima omu kati ya SDA na waya wa volti 3.3, kisha kati ya SCL na waya huo huo. Utakachosoma, kwa ukaribu, ni jumla ya rizista zote za kuvuta juu. Pale Kibosho mita ilionyesha karibu kilo-omu 5 kwenye kila waya. Kisha washa umeme, zuia programu isisome, na upime volti za nyaya zikiwa zimetulia. Zote mbili zinatakiwa zionyeshe volti 3.3 au pungufu kidogo tu. Kipimo hiki kifanywe alfajiri, umande ukiwa bado upo. Fundi anayefika saa nne asubuhi atakuta 3.3 na kuondoka akisema kituo ni kizima.

Baada ya hapo jaribu dawa ya muda. Funga rizista ya kilo-omu 4.7 kati ya SDA na volti 3.3, na nyingine kati ya SCL na volti 3.3, mwishoni mwa waya uliko kompyuta. Jumla inashuka hadi kilo-omu 2.4 hivi. Muda wa kupanda unakuwa nanosekunde 720, na hata mvujo ule ule wa kilo-omu 20 ukiwepo, waya unafika volti 2.94. Iwapo makosa ya alfajiri yatakoma, umepata ugonjwa. Kibosho yalikoma usiku huo huo. Kiunganishi nacho kilihamishiwa ndani ya boksi lililozibwa, kwa sababu rizista kali huushinda mvujo, haiukaushi.

Usidhani basi kwamba rizista ndogo zaidi ni bora zaidi. Kila chipu inayouvuta waya chini lazima iumeze mkondo wote unaopita kwenye rizista, na kanuni inaihakikishia miliampea 3 tu kwa mwendo wa kawaida. Kwa volti 3.3 hesabu hiyo inatoa kikomo cha chini cha takriban omu 970. Raspberry Pi ina rizista zake za kilo-omu 1.8 zilizolehemewa kwenye bodi. Ukiiunganishia bodi tatu za sensa zenye kilo-omu 4.7 kila moja, jumla inaanguka hadi omu 840. Hapo waya hupanda vizuri sana lakini haushuki ipasavyo: badala ya kukaribia sifuri, unaweza kuganda kwenye sehemu ya volti ambayo baadhi ya chipu zinasita kuiita sifuri. Ndiyo maana bodi nyingi za sensa zina vijisehemu vidogo vya kukata kwa kisu ili kutenga rizista zao. Vikate kwenye bodi zote isipokuwa moja, kisha uweke rizista unazozijua mwenyewe.

Kuna jaribio moja ambalo mafundi wengi hulikimbilia: kupunguza mwendo kutoka mapigo 100,000 hadi 10,000 kwa sekunde. Linasaidia karibu kila mara, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa kuwa linatuliza magonjwa mawili tofauti bila kukuambia una ugonjwa gani. Huo wa pili ndio uliojitokeza kwenye kituo kingine, chini zaidi, karibu na mji.

Kituo hicho kilikuwa na Raspberry Pi na sensa ya unyevunyevu aina ya HTU21D kwenye waya wa sentimita 30. Mita ilisoma karibu kilo-omu 1.5, volti zilikuwa kamili, na umande haukufika popote karibu na viunganishi. Namba hazikukosekana. Ziliingia zote, ila mara chache kwa siku, mvua au jua, unyevunyevu uliruka kutoka asilimia 62 hadi namba isiyo na maana, kisha ukarudi. Ukiziona kwenye grafu unafikiri ni upepo wa mvua uliopita haraka. Namba ya uongo iliyoingia kwa utulivu ina madhara zaidi kuliko pengo, kwa sababu pengo kila mtu analiona.

Chanzo kilikuwa ruhusa moja ndani ya I2C. Saa huendeshwa na kompyuta, lakini sensa isiyo tayari inaruhusiwa kuushikilia waya wa SCL chini hadi imalize kazi yake. Kompyuta ikiuachia waya na kuuona haupandi, inatakiwa ingoje. HTU21D hutumia ruhusa hiyo ukiiagiza ipime kwa amri `0xE5`: inaushikilia waya wa saa kwa muda wote wa kupima, hadi milisekunde 16 kwa unyevunyevu, na hadi 50 kwa amri ya joto. Raspberry Pi za kwanza, zenye chipu ya BCM2835, zina kasoro inayojulikana katika kungoja huku. Saa ya ndani ya chipu haisimami sawasawa. Sensa ikiachia waya kwa wakati mbaya, karibu na mwisho wa pigo, kompyuta inatoa pigo fupi mno, sensa haikioni kipande hicho cha saa, na tangu hapo data yote inasogea nafasi moja. Wakati wa kuachia hutegemea sensa, hauendani na saa ya kompyuta, kwa hiyo kosa huja kwa kubahatisha.

Ili kujua kama ni hili, usiguse waya hata mmoja. Badilisha amri tu. HTU21D ina amri nyingine, `0xF5`, inayopima bila kushikilia saa. Unaiagiza, unaiacha ifanye kazi, kisha unarudi kuchukua jibu:

```python
from smbus2 import SMBus, i2c_msg
import time

with SMBus(1) as b:
    b.i2c_rdwr(i2c_msg.write(0x40, [0xF5]))
    time.sleep(0.03)
    m = i2c_msg.read(0x40, 3)
    b.i2c_rdwr(m)
    print(list(m))
```

Namba za uongo zikikoma kwa badiliko hilo pekee, rizista zako hazina kesi. Baiti ya tatu inayosomwa hapo ni ya ukaguzi, sensa huikokotoa kutokana na baiti mbili za kwanza. Programu nyingi za mitaani huitupa bila kuiangalia. Zingeikagua, data iliyosogea nafasi moja ingekataliwa mlangoni karibu kila mara, na kituo kile kisingeandika uongo ila kwa nadra sana. Kama sensa yako haina amri ya namna hiyo, punguza mwendo wa saa kwenye faili ya usanidi ya Raspberry Pi, huku ukijua kwamba umepunguza makosa, hujaondoa chanzo:

```
dtparam=i2c_arm_baudrate=10000
```

Penye sensa kadhaa, swali linalofuata ni nani anayeshikilia saa. Hapo oskiloskopu inahitajika, hata ile ndogo ya mkononi. Weka rizista ya omu 100 kati ya SCL na sensa unayoishuku, kisha utazame waya ukiwa upande wa kompyuta. Kompyuta inapouvuta waya, unashuka hadi karibu sifuri. Sensa ile inapoushikilia, mkondo unapita kwenye omu 100, na waya unabaki juu kidogo, karibu volti 0.2. Kwenye kioo utaona ngazi mbili za "chini", na ngazi ya juu ni sahihi ya mshikaji. Weka kipimio kwenye mgawanyo wa kumi, kinachoongeza pikofaradi kumi na kitu tu. Kikiwa kwenye mgawanyo wa moja kinaweza kuongeza karibu 100, ukazalisha ugonjwa uliokuja kuutafuta. Kichanganuzi cha mantiki cha bei nafuu nacho kitakuonyesha muda ambao saa ilishikiliwa, lakini hakitakuonyesha waya unaopanda kwa kujikokota, maana chenyewe hujua sifuri na moja tu.

Kompyuta nyingine hungoja sawasawa, ila hukata tamaa mapema. Programu za awali za ESP8266 zilingoja mikrosekunde 230 kisha zikatangaza kosa. Sensa ya kaboni dayoksidi ya SCD30, kwa maelezo ya watengenezaji wake Sensirion, hushikilia saa hadi milisekunde 30, na mara moja kwa siku, inapojisawazisha, inaweza kufika milisekunde 150. Kituo chenye sensa hiyo na uvumilivu wa kati ya milisekunde 30 na 150 kitapoteza namba mara moja kwa siku, na fundi atahangaika kutafuta chanzo kwenye hali ya hewa. Kwa ESP8266 muda huo huongezwa kwa mstari mmoja, ukiandikwa kwa mikrosekunde:

```
Wire.setClockStretchLimit(200000);
```

Mahali ambapo waya lazima uwe mrefu kuliko mita chache, acha kupambana na rizista. Vituo vya mtandao wa TAHMO, vilivyosimikwa kwenye shule nyingi za Afrika Mashariki, hutumia kifaa cha ATMOS 41 kinachoongea kwa utaratibu wa SDI-12. Huo una mwendo wa pole wa biti 1,200 kwa sekunde, na ulibuniwa kwa waya wa hadi mita 60 uliolala shambani. Ukilazimika kubaki na I2C kwenye waya wa jozi zilizosokotwa, usiziweke SDA na SCL kwenye jozi moja, zitaambukizana mapigo. Kila moja isokotwe na waya wake wa GND.

Kabla ya kumwambia mwenye kihamba anunue sensa mpya, zima umeme, pima omu kutoka SDA na SCL hadi kwenye volti 3.3, na uandike namba hizo kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mfuniko wa boksi, pamoja na urefu wa waya, mwendo wa saa na tarehe. Fundi atakayekufuata ataanzia hapo.